Klipu ya dakika 4 na sekunde 37 ina fremu ngapi hasa?

"Wakuu, nina klipu ya ngoma niliyoipiga Ujiji. VLC inasema 4:37, kamera niliyokodi iliandikwa 30. Nikizidisha napata fremu 8310. Jamaa anayenichorea juu ya video, fremu moja moja, anasema ni 8302 na anadai kwa idadi ya fremu. Nani kakosea?"

Mkuu, jamaa yako yuko sawa, tena amekupunguzia bili. Kuzidisha kwako hakuna shida: dakika 4 ni sekunde 240, ukijumlisha 37 unapata 277, mara 30 ni 8310. Shida ni hiyo 30. Kamera nyingi ikiwekwa NTSC huandika 30 kwenye menyu, lakini inarekodi 29.97, yaani 30000 ukigawa kwa 1001. Ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, walipopunguza kasi kidogo ili rangi isigongane na sauti. Sasa fanya 277 × 30000 ÷ 1001, utapata 8301.7. Nusu fremu haipo, kwa hiyo ni 8302.

Tofauti ya fremu 8 ni kama robo sekunde. Kwenye ngoma hiyo inaonekana: mkono umeshagusa ngozi, mlio unafuata baadaye. Kwa harusi ya saa nzima unakosea fremu 108, zaidi ya sekunde tatu na nusu.

Lakini kuna mahali ambapo hiyo 8310 yako ingekuwa sahihi, na hapa ndipo mafundi wengi wa huku Kigoma wanabishana bure. Inategemea 4:37 umeisoma wapi. VLC inaonyesha muda wa saa ya kawaida. Programu ya kuediti haionyeshi saa, inaonyesha namba za fremu zilizopangwa kwa sura ya saa: saa, dakika, sekunde, na mwisho fremu. Ukiona 00:04:37:00 yenye nukta pacha mpaka mwisho kwenye mradi wa 29.97, programu inahesabu fremu 30 kwa kila "sekunde" yake, kwa hiyo hapo zipo 8310 kweli, na kwa saa ya ukutani zinachukua sekunde 277.277.

Ukiona 00:04:37;00, yenye nukta mkato kabla ya namba ya mwisho, programu inaruka namba mbili kila dakika mpya inapoanza, isipokuwa dakika ya 10, 20, 30 na kuendelea. Zinazorukwa ni namba tu, hakuna picha inayofutwa. Klipu yako inavuka dakika ya 1, 2, 3 na 4, hivyo namba 8 zimerukwa. 8310 toa 8 ni 8302, ile ile ya jamaa.

VLC nayo haionyeshi vipande vya sekunde. 4:37 inaweza kuwa 277.01 au hata 277.9, na hapo unaweza kupotea zaidi ya fremu 20. Kwa kazi ya kulipana usikisie, hesabu faili lenyewe kwa ffprobe, programu ya kuandikia amri inayokuja pamoja na ffmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -count_frames -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate,nb_read_frames -of default=nw=1 ngoma.mp4
```

Namba ya nb_read_frames ndiyo jibu. Inachukua muda kwa sababu inafungua kila picha, iache iende. Angalia na zile mbili nyingine: r_frame_rate na avg_frame_rate zikitofautiana sana, mara nyingi ni video ya simu ambayo kasi yake inapanda na kushuka, hasa mwanga ukipungua. Hiyo usizidishe chochote. Ibadili kwanza iwe na kasi moja, ndipo umtumie mchoraji:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -crf 18 -c:a copy simu25.mp4
```

Jambo jingine la kukubaliana naye ni namba ya kuanzia. Akianza na picha 0000, ya mwisho itaitwa 8301, na wewe usidhani amekula fremu moja.

Mimi kamera ya kukodi nikishaipokea tu naiweka PAL, 25 kamili. Klipu ya sekunde 277 inakuwa 6925, hesabu ya kichwani, haina desimali wala nukta mkato. Faida nyingine utaiona ukipiga ndani ya kumbi zetu zenye taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwenye 30 taa zile huleta mistari inayotembea kwenye picha. Weka 25 na shata 1/50, mistari inaondoka.

Hiyo ya Ujiji usiibadili sasa kama jamaa ameshaanza kuchora. ffprobe ikikupa 8302, mlipe hiyo mmalize.