Upele: nyumba nzima ipakwe siku moja

Mtoto anayejikuna hasa usiku, akawa na vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makalioni, na mdogo wake naye kaanza, mara nyingi ana upele. Daktari akithibitisha, usinunue dawa ya huyo mmoja tu.

Wangu aliuleta kutoka bweni wakati wa likizo. Tuko sita nyumbani, waliokuwa wanajikuna ni wawili. Baba yao akasema yeye hawashwi, apakwe ya nini? Tatizo ni kwamba mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku wadudu wanatembea mwilini na anawaambukiza wengine. Kwa hiyo tulipakwa wote, na dada wa kazi, na binamu yao aliyelala kitanda kimoja na watoto. Huyo alikwisharudi kwao, nikampigia mama yake simu ili wapake siku hiyohiyo.

Sisi tulitumia BBE, ile dawa nyeupe kama maziwa. Oga, jikaushe, subiri mwili upoe, kisha paka kuanzia shingoni hadi nyayoni. Watu wanapaka penye vipele tu, ndipo wanapokosea. Pita katikati ya vidole, chini ya kucha (zikate kwanza), kwapani, kitovuni, chini ya matiti, sehemu za siri na katikati ya makalio. Mwachie mwenzako mgongo. Ukinawa mikono, ipake tena. Mtu mzima hukaa nayo saa 24, anaoga, anapaka mara ya pili. Inachoma, sikufichi, hasa penye michubuko. Ya watoto huchanganywa na maji, nusu kwa nusu. Wachanga na wajawazito wapangiwe dawa na mhudumu wa afya. Ukipewa pamethrini, hiyo hukaa usiku mmoja na kurudiwa baada ya wiki.

Asubuhi baada ya kupaka, vua mashuka, foronya, taulo na nguo za siku tatu za karibuni. Fua kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Blanketi zisizofulika nilizifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima. Mdudu akikosa ngozi ya mtu hafikishi siku nyingi, kwa kawaida mbili au tatu. Godoro nililitoa juani, lakini kunyunyizia nyumba dawa ya mbu ni kupoteza hela.

Baada ya hapo mtaendelea kuwashwa wiki mbili, hata nne, kwa sababu mabaki ya wadudu waliokufa bado yamo ngozini. Usirudie BBE kila siku, yenyewe huikausha ngozi na kuiwasha zaidi. Vipele vipya vikizuka baada ya wiki nne, kuna mtu hakupakwa au alipakwa nusunusu. Vikitoa usaha, au mtoto akipata homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.