Neno moja la nyumbani, maneno mawili ya mtihani

Katika mtihani wa majaribio wa fizikia niliulizwa, kwa Kiingereza, tofauti kati ya tungamo na uzito. Maneno yote mawili ya Kiingereza nilikuwa nayakumbuka vizuri. Nikajibu kwamba la kwanza ni uzito wa kitu, na la pili ni uzito wa kitu kikishapimwa. Nilipata sifuri, na siku hiyo nilimlaumu msahihishaji.

Kumbe nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili cha nyumbani, ambako mfuko "una uzito wa kilo 50" na mazungumzo yanaishia hapo. Katika fizikia, kilo 50 ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo. Uzito ni kani ambayo dunia inauvutia mfuko huo, na ukichukua g, yaani nyutoni ambazo dunia huvuta kila kilo, kuwa 10, unapata nyutoni 500. Upeleke mfuko mwezini: kilo zitabaki 50, nyutoni zitashuka hadi karibu moja ya sita.

Ninyi mnaoanza kurudia masomo sasa, kabla ya kukariri kamusi nzima, chukua swali la zamani ulilokosa na umjibu mwenzako kwa Kiswahili. Ukikwama hata kwa Kiswahili, tatizo ni somo lenyewe, rudi kwenye daftari. Ukitiririka, tatizo ni lugha. Ila mwombe mwenzako awe mkorofi kidogo: kila ukitamka "joto" au "nguvu", akuulize, ipi? Hapo ndipo utashangaa.

"Nguvu" ndiyo iliyonitesa zaidi. Mtu ana nguvu, umeme una nguvu, injini ina nguvu, chakula kinatia nguvu. Mtihani unayagawa hayo katika kani, nishati, na kiwango cha kufanya kazi kwa sekunde. Nilichofanya ni kuandika neno la nyumbani upande wa kushoto wa ukurasa, kisha kulia maneno yote ya Kiingereza yanayojificha chini yake, kila moja na kipimo chake: nyutoni, jouli, wati. Usidharau kipimo. Fasili unaweza kuisahau kwa woga, lakini ukiona swali linataka jibu la wati, unajua mara moja kwamba haliulizi kani. Orodha haitakuwa ndefu, kwa sababu unaandika tu maneno yanayogongana. Neno kama "sumaku" halina ugomvi na mtu, liache.

Sasa tazama swali moja kwa ukamilifu. Umepewa grafu ya maji yanayochemshwa: mstari unapanda, ukifika nyuzi 100 unalala, ingawa moto bado unawaka. Kwa Kiswahili cha nyumbani utasema "joto limeacha kuongezeka". Ukiitafsiri hivyo hivyo, unaweza kuangukia neno la Kiingereza linalomaanisha nishati ya joto, na jibu linakuwa kosa, kwani nishati hiyo inaendelea kuingia. Kilichosimama ni jotoridi, yaani kile kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Nishati inayoingia inatumika kuzitenganisha molekuli za maji ziwe mvuke, haiziongezei mwendo.

Grafu hiyo hiyo ina mtego wa pili, nao uko kwenye kitenzi cha swali. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachotaka useme unachokiona, na kingine kinachotaka sababu. Sisi kwa vyote viwili husema "eleza". Kwa hiyo mtahiniwa anaulizwa sababu, anaandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba mstari ulipanda kisha ukalala. Kila sentensi ni kweli, na alama hakuna. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona kwenye karatasi zako za zamani: jibu refu, halina neno lolote la "kwa sababu", na pembeni lina alama chache au sifuri.

Zoezi lililonitoa hapo lilikuwa la kuchosha. Nilichukua grafu moja na kuiandikia majibu mawili kwa Kiingereza, daftari likiwa limefungwa. La kwanza lilisema kinachoonekana tu, pamoja na namba zilizosomwa kwenye grafu. La pili lilikuwa la sababu tu, na nilijilazimisha kila sentensi iwe na kiunganishi cha sababu. Kisha niliyabadilisha maswali: je, jibu la pili lingeweza kusimama chini ya kitenzi cha kwanza? Likiweza, basi bado nimeyachanganya, na naanza upya. Grafu ya maji niliiandika mara nne kabla majibu hayajaachana.