Uturi wa waridi: uliza kwanza umebebwa na mafuta gani

Msomaji mmoja wa Kampala ameniandikia kwamba uturi alioupaka kwa sala ya Ijumaa huisha harufu kabla ya Alasiri, na kanzu hubaki na doa. Anauliza kama aongeze matone. Asiongeze. Ninayoyashuku ni mafuta yaliyobeba harufu.

Kannauj, kule Uttar Pradesh nchini India, waridi lililochumwa alfajiri hutiwa pamoja na maji katika degi, chungu kikubwa cha shaba juu ya moto wa kuni. Mfuniko huzibwa kwa udongo na pamba, mvuke usipate njia ila bomba la mwanzi. Bomba huishia kwenye bapka, mtungi wa shaba uliokaa ndani ya maji baridi, nao una mafuta ya msandali tayari. Mvuke hupoa humo, msandali ukanyonya harufu. Moto ukizidi, maua huungua na uturi wote hunuka moshi.

Bapka ikishatulia, maji hukaa chini na mafuta juu. Maji hutolewa kwa tundu la chini, lakini hayamwagwi: harufu nyingi ya waridi huyeyuka katika maji, kwa hiyo hurudishwa kwenye degi pamoja na maua mapya. Kazi hiyo hurudiwa siku kadhaa juu ya mafuta yaleyale mpaka msandali ushibe. Mwisho uturi huwekwa katika chupa za ngozi, unyevu uliobaki upenye utoke.

Msandali umepanda bei, ndiyo maana wengi siku hizi hutumia parafini ya maji, isiyo na harufu yake yenyewe. Weka tone kwenye karatasi nyeupe uache hadi kesho. Doa la mafuta lisikudanganye, kwani hata msandali huliacha. Nusa: waridi litakuwa limefifia, lakini chini yake pawe na harufu tamu ya mti, nzito kidogo. Ukikuta mafuta matupu, umeuziwa parafini. Anayetaka uhakika zaidi atie tone moja katika matone 10 ya spiriti ya duka la dawa (ni kipimo tu, humwagwa). Parafini hujitenga, msandali huyeyuka. Hata hivyo, vipo viyeyushi vya viwandani vinavyoyeyuka vilevile, basi pua ndiyo hakimu wa mwisho.

Kupaka nako kuna adabu yake. Tawadha, jikaushe, kisha gusa kwa kijiti nyuma ya masikio na kwenye viganja karibu na mshipa. Tone moja ligawanywe sehemu zote. Usisugue, maana ukilitandaza jembamba hukimbia upesi. Subiri likauke ndipo uvae kanzu, na ukitaka nguo inukie, gusa mshono wa ndani. Chupa mpya ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima: pakiwasha, hiyo si yako, hata kama ni msandali mtupu.