Barua ya ajira ya hoteli, nisaini?

"Hoteli Nungwi wananipa 900,000, majaribio miezi 6, nianze tarehe 1, nijibu ndani ya siku 3. Kazini kwangu notisi mwezi. Nisaini?"

Usisaini bado sheikh. Hiyo 900,000 ni kabla ya makato au mkononi? Ukitoa ZSSF na kodi inapungua, na kama savisi chaji imo humo humo basi mshahara wenyewe mdogo, waulize kwa imeili kabla siku 3 hazijesha, na bosi wako nani (hoteli nyengine kila mtu bosi). Tarehe waombe waisogeze, ila jua ukikubali kwa sharti hiyo ni ofa mpya, wanaweza kukataa. Kwa hiyo usiache kazi mpaka barua iliyorekebishwa isainiwe pande zote, kopi unayo.