Saa ya mwili ikibaki nyumbani: siku ngapi hadi ishike majira mapya?

Mwezi ujao naenda Guangzhou kuchukua mzigo, nakaa siku nane. Safari iliyopita usiku nilikodoa macho, mchana nasinzia mbele ya wauzaji. Hii jetilagi huisha baada ya siku ngapi? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Kwako ni kama siku tano. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano, na mtu anayesafiri kuelekea mashariki husogeza saa ya mwili wake kwa takriban saa moja kwa siku. Ukiingia kitandani huko saa nne usiku, mwili wako unajua ni saa kumi na moja jioni. Hapo usingizi utatoka wapi?

Siku hizo zinaweza kupungua au kuongezeka, na kinachoamua zaidi ni mwanga. Kama nyumbani huamka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto la mwili wako hushuka chini kabisa karibu saa kumi alfajiri. Mwanga mkali baada ya hapo huivuta saa ya mwili mbele. Mwanga wa kabla yake huirudisha nyuma. Sasa, saa kumi alfajiri ya Dar ni saa tatu asubuhi ya Guangzhou. Ukitoka hotelini saa moja, jua likakupiga usoni, unausukuma mwili kinyume na unakotaka uende. Nadhani hilo ndilo lililokuponza.

Kwa hiyo siku ya kwanza kaa ndani, pazia limefungwa, hadi saa tatu. Ukilazimika kutoka mapema, vaa miwani ya jua. Kuanzia saa tatu hadi saa sita, tembea nje. Siku ya pili anza saa mbili, ya tatu saa moja. Ya nne huna haja ya kujificha tena. Mchana ukizidiwa, lala dakika 20 au 30, usizidishe. Utajua umekaa sawa ukisinzia kwa wakati wa pale na kuamka mwenyewe asubuhi. Mikataba mikubwa isogeze hadi siku ya nne au ya tano.

Mwanangu, nilikwenda Minnesota kumlea mjukuu miezi mitatu. Kwenda sikuteseka sana, lakini niliporudi Mombasa Agosti nilikaa wiki nzima na zaidi silali. Ni uzee? (Bibi, Mombasa)

Shikamoo bibi. Uzee si sababu kubwa hapo. Kwa watu wengi saa ya mwili ina mzunguko unaozidi saa 24 kidogo, kwa hiyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ulipokwenda magharibi ulihitaji kuchelewa tu, na mwili husogea kama saa moja na nusu kwa siku. Tofauti ya saa nane ikaisha kwa siku tano au sita. Kurudi ni mashariki, saa nane zilezile, lakini siku nane au zaidi.

Tena kuna mtego. Saa kumi alfajiri ya Minnesota ni saa sita mchana Mombasa. Naamini uliamka ukakaa barazani asubuhi, ukidhani jua litakuzindua. Siku za mwanzo jua hilo hurudisha saa ya mwili nyuma, na kuna watu ambao mwili wao huishia kuzunguka njia ndefu, kurudi nyuma saa 16 badala ya kwenda mbele saa nane. Safari nyingine, siku ya kwanza ota jua baada ya adhuhuri, kisha kila siku liwahi kwa saa moja. Kama unameza dawa za sukari, mwombe daktari wako akupangie saa za dozi kabla ya kupanda ndege.

Nikitoka Maskati kwenda Unguja nafika hoi. Nayo ni jetilagi? (Msomaji, Maskati)

Hapana. Tofauti ni saa moja tu. Huo ni uchovu wa kukaa kitini, kukosa usingizi na kutokunywa maji ya kutosha. Lala usiku mmoja, uchovu utaondoka.

Naenda New York Julai kwa mkutano wa siku mbili. Nianze kujizoesha saa zao? (Msomaji, Kigali)

Usijisumbue. Utakuwa umerudi kabla mwili haujahama. Omba zamu yako ya kuzungumza iwe asubuhi: saa tatu ya New York, mwili wako uko saa tisa alasiri, bado una nguvu. Ukipangiwa saa kumi jioni, kwako ni saa nne usiku, na maneno yatakuwa mazito mdomoni.