Usiku wa Jumapili Ni Upi? Ushauri kwa Muuguzi Anayeomba Kushikiwa Zamu ya Kuitwa

Wiki iliyopita muuguzi kijana wa upande wa Tororo, hapa Uganda, aliniandikia ujumbe mrefu. Amepewa barua ya kujieleza kwa sababu hakupatikana katika zamu yake ya kuitwa, ilhali, kwa maneno yake mwenyewe, "mwenzangu alikubali kunishikia na inchaji nilimwambia." Nilisoma maneno hayo mara tatu, kwa kuwa niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya msimamizi wangu wa wodi asubuhi ya Jumatatu tarehe 15 Mei 2017, vumbi la barabara ya Koboko likiwa bado kwenye viatu vyangu.

Wakati huo nilikuwa katika kituo cha afya cha daraja la nne, si mbali na mji wa Arua. Vituo vya daraja hilo vina chumba cha upasuaji, lakini watumishi ni wachache, na kwetu chumba hicho hakikuwa na muuguzi wa kukesha. Tulikuwa wauguzi wanne tuliofundishwa kumpa daktari vifaa wakati wa upasuaji, na tulipokezana zamu ya kuitwa, ambayo ilianza saa mbili usiku na kuisha saa mbili asubuhi. Mwenye zamu aliruhusiwa kulala kwake, mradi simu iwe wazi na aweze kufika haraka mara daktari anapoamua kumpasua mama aliyekwama katika uchungu.

Zamu yangu iliangukia siku ambayo wazee wa upande wa mume walikuwa wanaleta mahari ya mdogo wangu kule Koboko. Sherehe ilikuwa Jumapili mchana, na nilijua sitaweza kurudi kabla ya Jumatatu asubuhi. Siku ya Alhamisi, tukiwa tunakunja nguo za upasuaji, nilimwambia mwenzangu, "Dada, naomba unishikie usiku wa Jumapili, nami nitakulipa zamu yoyote utakayotaka." Akajibu, "Haya, sista, nenda ukale pilau." Nikaona jambo limekwisha.

Mwenzangu huyo alikuwa amelelewa Mombasa kwa shangazi yake. Kwa Kiswahili cha kule, siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Jumapili ni ule unaoitangulia Jumapili, yaani usiku wa kuamkia Jumapili. Mimi nilimaanisha usiku unaoanza Jumapili jioni. Yeye akaniwekea simu wazi Jumamosi usiku kucha, hakuitwa, akashukuru Mungu kwamba deni limekuwa jepesi, na Jumapili jioni akazima simu akalala.

Ijumaa nilimwona msimamizi wa wodi akihesabu dawa za kudhibitiwa pamoja na muuguzi aliyekuwa anakabidhi zamu. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mama, fulani atanishikia Jumapili." Aliinua kichwa, akakitikisa, akarudi kwenye kitabu chake. Nilikichukua kile kichwa kuwa ruhusa. Leo najua kwamba mtu anayehesabu ampuli za pethidini hasikii kitu kingine chochote, na hapaswi kusikia.

Jumapili saa tano usiku mkunga alimpigia daktari kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Daktari alifika, mtaalamu wa nusukaputi alifika, na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji ilikuwa na jina langu na namba yangu. Walinipigia nikiwa Koboko. Nilimpigia mwenzangu, simu imezimwa. Dereva wa gari la wagonjwa alikwenda kugonga mlango wangu, kwa kuwa ndio mlango pekee aliouona kwenye karatasi, wakati mwenzangu alikuwa amelala nyumba ya tatu kutoka hapo. Upasuaji wa dharura wa namna ile hutakiwa uanze ndani ya nusu saa tangu uamuzi kufanyika. Wao walianza baada ya zaidi ya saa moja, muuguzi wa nne akiwa ameletwa kwa pikipiki kutoka mjini. Mtoto alizaliwa amelegea, akapuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago mpaka akalia. Aliishi, na mama yake aliishi, lakini mimi sikuwepo, na rosta ilisema nipo.

Msimamizi wangu alisema sikumwambia kitu. Barua yangu ya kujieleza ilisomwa kwenye kikao cha watumishi wote, mbele ya wafagizi na askari wa getini, na hilo bado linaniuma kuliko onyo lenyewe. Nilitaka kusema kwamba yeye naye alitikisa kichwa. Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na mstari hata mmoja wa maandishi.

Sasa mimi ndiye ninayepanga rosta, na ninasema bila aibu kwamba kwa miaka mitano wodi yangu haijapata pengo hata moja lililotokana na kubadilishana zamu. Si kwa sababu wauguzi wangu ni malaika. Ni kwa sababu siwaachi waseme "usiku wa Jumapili".

Ombi la kushikiwa zamu ya kuitwa liandikwe, na litaje siku mbili, tarehe mbili, saa ya kuanza na saa ya kuisha, kwa kuwa zamu ya usiku huwa na miguu katika siku mbili. Ningelimwandikia mwenzangu hivi: "Dada, naomba unishikie zamu ya kuitwa ya chumba cha upasuaji kuanzia Jumapili tarehe 14 Mei saa mbili usiku hadi Jumatatu tarehe 15 Mei saa mbili asubuhi. Nami nitashika yako ya Alhamisi tarehe 18 Mei saa mbili usiku hadi Ijumaa tarehe 19 Mei saa mbili asubuhi." Ukiandika saa kwa tarakimu, tumia mtindo wa saa ishirini na nne, yaani 20:00 hadi 08:00. Mtu akiandika "saa 8" tu, mmoja atasoma saa nane mchana, ambayo ndiyo saa ya kubadilishana zamu ya asubuhi na ya jioni, na mwingine atasoma nane ya Kiingereza, ambayo ndiyo saa ya kuanza usiku. Zote mbili ni saa halisi za kazi yetu, kwa hiyo hakuna kitakachomshtua msomaji.

Kisha subiri jibu lenye maneno. Alama mbili za buluu si jibu, na kidole gumba pia si jibu. Ninachotaka ni mwenzako akurudishie zamu kwa maneno yake: "Ni Jumapili jioni baada ya sherehe, mpaka Jumatatu asubuhi, sivyo?" Mwenzangu angeniandikia mstari huo, au angeandika Jumamosi, na ningejua siku tatu kabla. Mwulize pia anatoka zamu gani. Ikiwa anamaliza usiku wodini asubuhi ileile, utampata amechoka hata kama amekubali kwa moyo mweupe. Na ikiwa anaishi nje ya nyumba za watumishi, nauli ya bodaboda ya usiku ni juu yako. Niliwahi kushika zamu ya mtu nikalipa bodaboda mbili kutoka mfukoni, na hakuniuliza kamwe. Jina lake nalikumbuka.

Baada ya hapo ndipo uende kwa msimamizi, tena muende wawili ikiwezekana, wala si mlangoni wakati anahesabu dawa wala anapozungukia wagonjwa na daktari. Mpe ujumbe wenu, naye atazame mambo ambayo ninyi hamuwezi kuyaona vizuri. Atatazama kama mwenzako anaweza kazi ya zamu hiyo: mtu asiyejua vifaa vya upasuaji hawezi kushika zamu ya chumba cha upasuaji hata awe rafiki yako wa damu, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo hawezi kabisa, na zamu ya mkunga hushikwa na mkunga. Atatazama kama ile zamu unayoirudisha haitaacha wodi bila mtu wiki inayofuata. Akikataa, kubali bila kununa, kisha mtafute mwingine.

Akikubali, ombeni afanye hivyo kwa kalamu. Kwetu tuna daftari la mabadiliko ya zamu: anayeomba anaweka sahihi, anayeshika anaweka sahihi, msimamizi anaweka sahihi na tarehe. Mpaka sahihi ya tatu iwepo, zamu bado ni yako, na ukiitwa utaitwa wewe. Nalirudia hilo kwa kila muuguzi mpya, nao hufikiri naringa. Msimamizi akiwa likizo, sahihi ni ya yule aliyekaimishwa kwa maandishi, si ya muuguzi mkubwa kwa umri anayekuwa zamu siku hiyo.

Hapo wengi huona wamemaliza, na hapo ndipo penye shimo la pili. Rosta haina nakala moja. Ile ya ofisini inaweza kuwa imerekebishwa vizuri kwa wino mwekundu, huku ya mlango wa chumba cha upasuaji, ya wodi ya wazazi na ya askari wa getini zikiwa bado na jina lako. Saa tano usiku hakuna anayefungua ofisi ya msimamizi. Mtu husoma karatasi iliyo karibu na simu. Kwa hiyo baada ya sahihi, anayeomba azungukie nakala zote yeye mwenyewe, akate jina lake kwa mstari mmoja unaosomeka, aandike la mwenzake na namba ya simu inayopatikana usiku, kisha amwonyeshe askari na dereva. Kwetu kazi hiyo haizidi dakika kumi na tano. Jioni ya zamu yenyewe, kabla ya saa mbili, mpigie mwenzako. Simu yake ikiwa imezimwa, una muda wa kumwita msimamizi wakati bado hakuna mgonjwa mezani.

Kwa dada yangu wa Tororo: katika barua yako usiandike kwamba mwenzako amekuangusha. Eleza ulimwomba lini, kwa maneno gani, na alijibu nini, ukiambatisha nakala ya ujumbe kama upo. Eleza ulimwambia msimamizi lini na wapi, na ukiri kwamba hukupata sahihi. Kisha mwulize mwenzako, kwa upole, alielewa usiku upi. Mimi sikumwuliza wangu mpaka mwaka ulipopita. Alinitazama kwa mshangao akasema, "Sista, si nilikesha usiku wa Jumapili kama ulivyoniomba?"