Chupa Mbili, Mikono Miwili, Kabla ya Seftriaksoni

Wiki iliyopita nesi mmoja anayefanya zamu za usiku hapa Dar aliniandikia hivi: "Shikamoo dokta. Maabara wanatugombeza tukipeleka chupa moja ya kalcha ya damu. Kwani damu ya mkono wa kulia na ya kushoto si ile ile? Na mgonjwa anatetemeka kwa homa, tumcheleweshe dawa kwa ajili ya chupa?"

Marahaba, dada. Kalcha ya damu ni damu inayooteshwa maabara ili kuona kama ina bakteria, na siwezi kukujibu juu yake bila kukusimulia kisa cha fundi magari wa eneo la Gerezani.

Nilikuwa interni. Aliletwa saa nane usiku, homa kali na kutetemeka, hana kikohozi, tumbo linauma kidogo upande wa kulia. Akapewa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, palepale mapokezi. Kalcha nilichukua mimi asubuhi, baada ya raundi, kwa sababu bosi aliuliza iko wapi. Kanula, kile kimpira cha kupitishia dawa kwenye mshipa, ilikuwa tayari mkononi, nikavuta humo humo damu kama mililita tatu, nikaingiza kwenye chupa moja. Kazi imekwisha, nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu majibu yakaja: bakteria wa aina ya stafilokoki zisizogandisha plazma, zile zinazoitwa koagulesi hasi. Tukafurahi kwamba adui kapatikana. Tukasimamisha seftriaksoni, tukaanza antibiotiki nyingine, vankomaisini, familia ikawa inainunua nje. Homa haikushuka. Kreatinini, kipimo cha figo, ikapanda kutoka 88 hadi 210. Siku ya nane ndipo mtu akaagiza altrasaundi, na jipu la ini likaonekana, kubwa kama ngumi. Usaha uliovutwa ukaotesha Klebsiela, bakteria ambayo vankomaisini haiigusi kabisa.

Alipona baada ya wiki tano. Lakini mkewe aliuza cherehani yake, na siku ya kuruhusiwa aliniuliza kwa upole, "Dokta, zile sindano za wiki nzima zilikuwa za nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Miaka 11 imepita na swali lile bado linanichoma.

Sasa angalia nilivyoikosea ile chupa. Katika damu ya mtu mzima mwenye bakteria, mara nyingi hukuti hata bakteria mmoja katika kila mililita. Mililita tatu ni sawa na kuchota kikombe cha maji ya bahari pale Feri ukitarajia kuvua dagaa. Kila chupa ya mtu mzima inataka mililita nane hadi kumi. Halafu dawa ilikuwa imeshatangulia. Hata saa mbili tu baada ya antibiotiki, karibu nusu ya kalcha ambazo zingeota hazioti tena, kwa sababu bakteria wengine wameshakufa na dawa iliyomo kwenye damu inaendelea kuwabana walio hai ndani ya chupa. Lakini stafilokoki wa ngozi wengi hawaisikii seftriaksoni. Kwa hiyo dawa ilimnyamazisha Klebsiela, ikamwacha yule wa kwenye kanula azungumze peke yake. Kutanguliza dawa hakupunguzi majibu tu. Kunaweza kukuachia shahidi wa uongo.

Na hapa ndipo jibu la swali lako, dada. Ni kweli damu ni ile ile mikono yote miwili. Ngozi ndiyo tofauti. Bakteria aliye kwenye damu anazunguka mwili mzima, basi ana nafasi ya kuonekana kulia na kushoto. Bakteria wa ngozi anaingia pale tu sindano ilipopita. Tuseme wodi yako inachafua chupa tatu katika kila 100. Chupa mbili zilizochomwa sehemu mbili kuchafuka zote kwa bahati mbaya ni kama mara tisa katika 10,000. Ndiyo maana chupa mbili zilizojazwa kwa mchomo mmoja hazina ushahidi huo: uchafu wa mchomo ule ule unaweza kuingia zote mbili.

Mwezi uliopita nilimpata mama wa miaka 63 kutoka Kigamboni, ana kisukari, mkojo unauma, presha inashuka. Vijana wangu wa zamu walifanya ninavyowafundisha, na nasema haya kwa fahari. Mmoja alikuwa anaandaa seftriaksoni, mwingine anachukua damu. Mkono wa kulia: alipapasa mshipa kwanza, akasugua kwa klorheksidini yenye spiriti sekunde 30, akaacha ikauke, hakugusa tena. Mfuniko wa plastiki wa chupa ulipotoka, mpira wa chini yake ukafutwa kwa spiriti, maana mpira ule si tasa kama wengi wanavyodhani. Mililita kumi. Kalcha ilijazwa kabla ya vichupa vya vipimo vingine. Kisha mkono wa kushoto, vilevile, kwa sindano mpya. Kwenye lebo wakaandika mkono upi na saa ngapi, chupa zikaenda maabara bila kupita kwenye friji. Dakika kumi na mbili, na dawa ikaingia.

Saa 11 baadaye chupa ya kulia ikatoa ishara kwenye mashine, saa 12 ya kushoto. Mtaalamu wa maabara akanipigia: bakteria wenye umbo la vijiti, wa kundi la gramu hasi, chupa zote mbili. Siku ya pili jina likatoka, E. koli, na kesho yake usugu: seftriaksoni haifanyi kazi. Tukahamia meropenemu.

Lakini sahani ya kuoteshea ya chupa ya kushoto ilikuwa na kitu cha pili, koloni ndogo nyeupe. Stafilokoki, koagulesi hasi. Bakteria wa aina ile ile iliyompeleka yule fundi kwenye vankomaisini! Interni akaniuliza kama tuiongeze. Nikamwambia tazama: imeota chupa moja tu kati ya mbili, mama hana mpira kwenye mshipa mkubwa wala valvu ya bandia, na ugonjwa wake tayari una maelezo. Hatukuongeza chochote. Siku ya tisa alitembea mwenyewe hadi kwenye bajaji.

Usiichukue hiyo kama kanuni ya kila bakteria. Stafilokokasi aureas ikiota hata chupa moja, tibu na utafute ilikotoka. Vivyo hivyo Salmonela, E. koli, Klebsiela, pneumokoki, na fangasi wa Kandida. Hawa ni mara chache kuwa uchafu tu. Wanaotiliwa shaka ni stafilokoki wa koagulesi hasi, korinebakteria, mikrokoki na basili wengi. Hata hao wanaweza kuwa wa kweli kwa mtu wa dayalisisi mwenye katheta, au kwa mtoto mchanga. Hapo omba maabara walinganishe: ni aina moja chupa zote mbili, na zinasikia dawa zile zile? Muda nao unasaidia kidogo. Wa kweli wengi huota ndani ya siku ya kwanza, uchafu mara nyingi huchelewa, ingawa si daima.

Kuhusu kuchelewesha dawa: mwenye shoki, yaani presha imeporomoka, asisubiri. Ukishindwa kupata mshipa ndani ya dakika chache, choma dawa, kalcha ifuate mara moja na uandike saa ya dozi. Na wale waliokwisha kumeza amoksilini ya duka la mtaani kabla ya kuja, ambao hapa mjini ni wengi, wachukulie kalcha hivyo hivyo. Andika kwenye fomu walichomeza na lini. Ikirudi haijaota kitu baada ya siku tano, usimwambie ndugu yake kwamba damu ni safi.